Mbuzi kumi wa Chanika: hesabu ya mayai ya minyoo kabla na baada ya albendazoli. Je, dawa imeshindwa?

Afisa_Chanika

Wakuu, heshima kwenu. Ninahudumia wafugaji wadogo wa mbuzi upande wa Chanika, hapa Dar es Salaam, na ninaomba msaada wa kutafsiri matokeo yaliyo mbele yangu. Mfugaji mmoja amekuwa akitumia albendazoli kila baada ya miezi mitatu kwa miaka mingi, na masika haya mbuzi wake waliendelea kukonda na kuvimba chini ya taya hata baada ya kunyweshwa dawa. Niliamua kuhesabu mayai kwa kibao cha McMaster siku ya kutoa dawa na tena siku ya 14, kwa mbuzi walewale.

Kinyesi nilikitoa mwenyewe kwa glavu katika njia ya haja kubwa, si chini bandani. Nilipima gramu 4, nikazisaga katika mililita 56 za maji ya chumvi iliyokolea, nikachuja kwa chujio la chai, kisha nikajaza vyumba vyote viwili vya kibao na kuacha mayai yaelee kwa dakika 5 kabla ya kuhesabu kwa lenzi ya 10. Mbuzi wote walipewa mililita 5 za albendazoli ya asilimia 2.5, kwa makadirio ya kilo 25 kila mmoja. Hapa chini ni mayai niliyoyaona katika vyumba viwili kwa pamoja, kabla ya kuzidisha:

```
Mbuzi   Siku 0   Siku 14
1          6         2
2         14         1
3          3         0
4         61        17
5          9         0
6          0         1
7         22         4
8         38        11
9          5         0
10        12         1
Jumla    170        37
```

Swali langu ni moja: je, namba hizi zinatosha kusema kwamba minyoo ya zizi hili imekuwa sugu kwa albendazoli?

Mfugaji_Pugu

Mkuu, kazi yako ni safi, na siku ya 14 ndiyo siku sahihi kwa albendazoli. Ila sioni kwa nini unahofia. Mbuzi watatu wamefika asilimia 100, wawili wamevuka 90. Mimi hutafuta asilimia ya kila mbuzi kisha nachukua wastani wake, na kwa mbuzi wako tisa wenye mayai siku ya kwanza napata asilimia 86. Dawa inafanya kazi, imepungua nguvu kidogo tu. Namba 6 yeye amepata minyoo mipya malishoni baada ya dawa, kwa hiyo mwondoe kwenye hesabu.

Kwangu mimi hutumia gramu 2 katika mililita 60, nazidisha kwa 50, na kila anayezidi mayai 500 kwa gramu anakunywa dawa. Kanuni hiyo haijawahi kunisumbua.

Mama_Kigamboni

Samahani, naomba kueleweshwa. Kama namba 4 ana mayai 61 na mnazidisha kwa 50, ina maana ndani ya huyo mbuzi kuna minyoo 3,050? Nina mbuzi sita hapa Kigamboni, na majibu niliyopewa yameandikwa 1,200, nikadhani hiyo ndiyo idadi ya minyoo.

Daktari_Mstaafu

Nianze na mama wa Kigamboni, kwa sababu swali lake liko katikati ya jambo lenyewe. Hapana, mama, hiyo ni idadi ya mayai katika gramu moja ya kinyesi, na safari ya kutoka kwenye mayai hadi kwenye minyoo hutegemea ni mnyoo gani anayetaga. Mnyoo mfyonza damu wa tumbo la nne, yule ambaye vitabuni huitwa Haemonchus contortus, jike lake hutaga mayai 5,000 au zaidi kwa siku. Yuko mnyoo mwingine mwembamba wa utumbo mdogo, Trichostrongylus, ambaye jike lake hutaga kati ya 100 na 200 tu. Tuseme namba 4 anatoa nusu kilo ya kinyesi kwa siku: kwa mayai 3,050 kila gramu, hayo ni zaidi ya milioni 1.5 kwa siku. Kama yote ni ya mfyonza damu, wanatosha majike mia tatu hivi. Kama yote ni ya yule mwembamba, wangehitajika majike kama elfu kumi. Na chini ya hadubini mayai ya minyoo hiyo miwili hayatofautishwi kwa macho. Kwa hiyo ile 1,200 yako, mama, inasomwa pamoja na hali ya mbuzi mwenyewe: rangi ya ndani ya kope, uvimbe wa taya, umri wake, na kama amezaa karibuni, kwa kuwa jike aliyetoka kuzaa huachia mayai mengi kuliko kawaida yake.

Sasa ndugu yangu wa Pugu. Kuzidisha kwa 50 si kanuni ya kibao, ni matokeo ya vipimo ulivyochanganya. Kila chumba kina mistari inayozunguka eneo la milimita 10 kwa 10, na kina chake ni milimita 1.5, kwa hiyo chini ya mistari kuna mililita 0.15, na vyumba viwili ni 0.3. Afisa alitia gramu 4 ndani ya mililita 60 za jumla:

```
mayai kwa gramu = mayai yaliyoonekana × ujazo wote / (0.3 × gramu za kinyesi)
4 g katika 60 ml:  60 / (0.3 × 4) = 50
2 g katika 60 ml:  60 / (0.3 × 2) = 100
```

Ukitia gramu 2 katika mililita 60, unazidisha kwa 100. Mbuzi uliyemwandikia 400 na kumwacha bila dawa alikuwa na 800.

Kuhusu wastani wa asilimia, hapo ndipo ninapopinga kabisa. Mtazame namba 3: mayai 3 kabla, 0 baada. Lingeonekana yai moja tu siku ya 14, asilimia 100 yake ingeshuka hadi 67. Namba inayoyumba hivyo kwa yai moja haiwezi kupewa kura sawa na namba 4, aliyeonyesha mayai 61. Tunalinganisha jumla na jumla: 37 kati ya 170 yamebaki, yaani upungufu wa asilimia 78. Kwa wastani wa kundi, tumetoka mayai 850 kwa gramu hadi 185. Kwa dawa iliyotakiwa kupunguza kwa asilimia 95 au zaidi, huo si upungufu mdogo wa nguvu.

Namba 6 naye asiondolewe. Ukiona sifuri katika vyumba viwili, hujathibitisha kwamba hakuna mayai. Umethibitisha tu kwamba ni machache. Mbuzi mwenye mayai 100 kwa gramu angekuonyesha mayai mawili kwa wastani, na si ajabu mara moja moja akakuonyesha sifuri, mara nyingine matano. Kutoka 0 kwenda 1 ni bahati ya tone lililoingia kwenye chumba. Tena, mabuu aliyoyala malishoni baada ya dawa huhitaji takriban wiki tatu kukomaa na kuanza kutaga, kwa hiyo yai la siku ya 14 haliwezi kuwa la minyoo hiyo mipya.

Afisa, kabla sijakujibu kama ni usugu, nataka uzito halisi wa kila mbuzi. Mililita 5 kwa wote hainiridhishi.

Maabara_Temeke

Shikamoo daktari. Nakubaliana na hesabu, lakini nina swali kabla ya uzito: sampuli za siku ya 14 zilisafirije, na zilihesabiwa baada ya saa ngapi? Kwa joto la hapa Dar, yai la minyoo hii linaweza kuanguliwa ndani ya siku moja. Mtu anabeba kinyesi kwenye mfuko uliojaa hewa, anapanda daladala, mfuko unalala mezani hadi kesho yake, kisha tunahesabu machache na kufurahia dawa ambayo haikufanya kitu.

Linatambulika kwa kutazama yai lenyewe. Yai bichi lina ganda jembamba lenye umbo la duaradufu, na ndani limejaa seli za rangi ya kahawia zilizobanana kama shada la zabibu, zikiacha nafasi tupu kwenye ncha. Likichelewa, seli zinaungana na unaona kiluwiluwi kimejikunja ndani, wakati mwingine kinajinyonga. Nikiona hivyo kwenye mayai mengi, ninaandika pembeni kwamba sampuli imechelewa na hesabu ni pungufu, kwa kuwa yaliyokwisha kuanguliwa siwezi kuyahesabu. Mfuko unatakiwa kukamuliwa hewa yote, kufungwa, na kukaa kwenye baridi ya nyuzi 4, wala usigandishwe.

Jambo la pili ni hadubini. Mayai yanaelea hadi chini ya kioo cha juu, kwa hiyo lenga kwanza mistari iliyochorwa kwenye kioo hicho, usishuke hadi sakafu ya chumba, ambako utaona takataka tu. Viputo vya hewa ni duara kamili vyenye ukingo mweusi mnene, anayeanza huvihesabu. Na usiache kibao zaidi ya saa moja, kwa sababu chumvi inaanza kuganda na mayai yanabonyea.

Afisa_Chanika

Nashukuru sana. Marobota yote mawili ya sampuli yaliwekwa kwenye boksi lenye barafu, mifuko ikiwa imekamuliwa hewa, na nilihesabu jioni ya siku ileile. Mayai niliyoyaona yalikuwa na seli, sikuona viluwiluwi ndani.

Jana nimerudi na mizani ya kuning'iniza. Uzito umetofautiana kuliko nilivyotarajia. Namba 4 ana kilo 41 na namba 8 ana kilo 38, wote ni majike wakubwa. Namba 7 ana kilo 24. Wadogo ni namba 3 mwenye kilo 14, namba 5 mwenye 16 na namba 9 mwenye 18. Waliobaki wako kati ya 22 na 30.

Mzee_wa_Ng'ombe

Naomba nami nipenyeze langu, kwa kuwa mnazungumzia sifuri. Nina ng'ombe wa maziwa, analishwa majani yanayokatwa bonde la Mto Msimbazi. Amekonda, maziwa yameshuka, ana uvimbe chini ya taya kama hao mbuzi. Nilipeleka kinyesi, kikahesabiwa kwa kibao hichohicho, jibu likawa sifuri, nikaambiwa hana minyoo. Wiki mbili sasa hali ni ileile. Je, na mimi nirudie kuhesabu?

Maabara_Temeke

Mzee, shikamoo. Usirudie kwa njia hiyo, kwa sababu ingeweza kutoa sifuri hata kama ini limejaa. Mnyoo bapa wa ini hutaga mayai makubwa na mazito, na maji ya chumvi hayawezi kuyafanya yaelee. Yanabaki sakafuni huku sisi tunatazama juu. Omba kipimo cha kuzamisha: kinyesi kinachanganywa na maji ya kawaida, kinachujwa, kinaachwa kitulie, maji ya juu yanamwagwa, na hilo hurudiwa hadi mashapo yatakate. Tone la bluu huongezwa ili takataka ziwe bluu, na yai la mnyoo bapa libaki la manjano ya dhahabu, lenye kifuniko upande mmoja. Majani ya bondeni yenye konokono wa majini ndiyo njia yake ya kawaida. Hata hivyo, minyoo bapa michanga huumiza ini kwa miezi kadhaa kabla ya kuanza kutaga, kwa hiyo hata kipimo hicho kikisema hakuna, daktari bado ana haki ya kushuku.

Naongeza kwamba ng'ombe mkubwa huachia mayai machache hata ya ile minyoo mingine, kwa hiyo hesabu yake hueleza kidogo kuliko ya mbuzi.

Daktari_Mstaafu

Marahaba, na umemjibu mzee vizuri.

Afisa, sasa tuna kitu cha kushika. Dawa ya asilimia 2.5 ina miligramu 25 katika kila mililita, kwa hiyo kila mbuzi alipata miligramu 125. Namba 4 mwenye kilo 41 alipata kama miligramu 3 kwa kilo, na namba 8 alipata 3.3. Kiwango cha kondoo ni miligramu 5 kwa kilo. Hao wawili peke yao wamebeba mayai 28 kati ya 37 yaliyobaki. Wale wadogo watatu, kinyume chake, walipata kati ya 7 na 9, na wote wamesoma sifuri, ingawa walianza na mayai machache mno kwa ushahidi.

Ningeishia hapo ningesema tatizo ni kipimo cha dawa. Lakini waondoe namba 4 na 8, uhesabu waliobaki: 71 kabla, 9 baada, upungufu wa asilimia 87. Bado haufiki 95. Na namba 7 mwenye kilo 24 alipata miligramu 5.2 kwa kilo, kipimo kamili cha kondoo, akatoka 22 hadi 4. Huyo ndiye anayenifanya nisitupe wazo la usugu. Ila naye ana utetezi: mbuzi huisafisha albendazoli mwilini haraka kuliko kondoo, na ndiyo sababu wengi wetu humpa mbuzi mara mbili ya kiwango cha kondoo, yaani miligramu 10 kwa kilo. Kwa kipimo hicho, hata namba 7 alipewa nusu.

Jibu langu, basi: dawa kama ilivyotolewa imeshindwa, hilo halina ubishi. Kama minyoo yenyewe ni sugu, namba hizi haziwezi kuamua. Na kunywesha dawa pungufu mara nne kwa mwaka kwa miaka mingi ni njia inayojulikana ya kuuzalisha usugu huo, kwa hiyo ninaushuku zaidi kuliko ninavyoweza kuuthibitisha.

Mfugaji_Pugu

Daktari, la kuzidisha kwa 100 nimelikubali. Ila ulimwambia mama hesabu isomwe pamoja na kope, na hapo kikomo changu cha 500 sijui kinabaki wapi. Nikiacha kutumia kikomo, nitajuaje nani anywe? Siwezi kumtazama kila mbuzi kope kila wiki.

Daktari_Mstaafu

Kikomo si kibaya kama unajua kinatoka wapi. Palipojaa mfyonza damu, hesabu hupanda haraka kwa sababu jike hutaga sana, na mbuzi mzima mwenye afya anaweza kubeba mayai 1,000 kwa gramu bila dalili. Palipo na yule mwembamba, 500 inaweza kumaanisha mzigo wa kuharisha na kukonda. Na wakati wa masika, mbuzi anaweza kupauka kope kabla hesabu haijapanda, kwa kuwa minyoo michanga hunyonya damu kabla ya kuanza kutaga. Ukimsubiri afike 500 unaweza kumzika. Mimi ningetumia hesabu kujua hali ya kundi, na kope kumchagua mbuzi.

Mfugaji_Pugu

Kwa mbuzi kumi sawa. Kwa mbuzi themanini na kijana mmoja wa kazi, mimi bado nitahitaji namba ya kufuata. Hapo hatujakubaliana, daktari.

Afisa_Chanika

Nitarudia. Nimepanga kusubiri hesabu ya kundi ipande tena, kwa sababu nikianza na mayai machache sitaweza kuona tofauti, kisha kila mbuzi apimwe kwa mizani na kupewa miligramu 10 kwa kilo chini ya daktari wa mifugo wa kata. Majike wawili wamepandishwa mwezi huu, hao nitawatoa kwenye jaribio, kwa kuwa albendazoli haifai mwanzoni mwa mimba. Maziwa ya wengine hayatauzwa hadi muda ulioandikwa kwenye chupa upite. Je, kuna la kurekebisha upande wa kuhesabu?

Maabara_Temeke

Mawili. Siku ya 14 jaza vibao viwili kwa kila mbuzi badala ya kimoja, yaani vyumba vinne. Hapo utazidisha kwa 25, si kwa 50, na utaweza kumwona mbuzi mwenye mayai machache ambaye kibao kimoja kingemkosa. Kwa kuwa siku 0 utakuwa umetumia vyumba viwili, usilinganishe tena mayai yaliyoonekana kama ulivyofanya safari hii. Linganisha mayai kwa gramu, la sivyo dawa itaonekana dhaifu kuliko ilivyo.

La pili, kinyesi kinachobaki siku zote mbili usikitupe. Changanya cha kundi zima, kiweke kwenye chupa ya mdomo mpana kikiwa na unyevu bila kulowa, usikifunge kabisa, na ukiache kwa siku saba hadi kumi ili mabuu yatoke. Mabuu hutambulika kwa mkia na urefu, tofauti na mayai. Ikiwa siku 0 tulikuwa na mchanganyiko na siku ya 14 amebaki mfyonza damu peke yake, tutajua ni nani asiyesikia dawa. Chupa zilete kwenye maabara ya mifugo asubuhi, pamoja na orodha ya uzito.